Mirihi haikugeuza njia: jibu kwa mlinzi wa usiku wa Tanga

*"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mlinzi wa usiku kwenye ghala hapa Tanga. Tangu Desemba 2024 nilikuwa naiangalia nyota nyekundu upande wa kaskazini, kulia kwa zile nyota mbili zinazokaa pamoja. Kuelekea mwisho wa Januari ikawa imezifikia, Februari ikawa imezipita kushoto, ikatulia, halafu Machi ikaanza kuzirudia. Mwenzangu anasema ni Mirihi, na kwamba sayari ikirudi nyuma mambo ya watu huharibika. Sayari inaweza kusimama na kugeuza? Nani anaisukuma? Na mbona kitabu cha mwanangu kinachora ikirudi kuelekea kulia, wakati mimi niliiona ikienda kushoto?"*

Marahaba, ndugu yangu. Kuhusu jina, mwenzako amepatia. Ile ilikuwa Mirihi, na zile mbili ni Kastori na Poluksi, vichwa vya kundinyota la Mapacha, ambalo wanafalaki wa zamani waliliita Jauza. Umeangalia vizuri kiasi kwamba naweza kuziwekea tarehe kumbukumbu zako. Mirihi ilionekana kusimama tarehe 7 Desemba 2024 ikiwa kwenye kundinyota la Kaa, yaani Saratani. Kuanzia hapo ikawa inarudi kuelekea magharibi, ikapita karibu na Poluksi takriban tarehe 23 Januari, ikasimama tena tarehe 24 Februari 2025, kisha ikaanza kwenda mashariki kama kawaida yake. Mwisho wa Machi ilipita tena karibu na Poluksi, na mwanzoni mwa Mei ikawa imerudi Saratani ilikoanzia. Kama ungeanza kuiangalia Oktoba, ungeiona ikimpita Poluksi mara tatu: kwenda, kurudi, na kwenda tena.

Kabla sijaeleza sababu, kuna jambo moja linalowachanganya wengi. Wakisikia sayari "imerudi nyuma" hudhani usiku huo ilichomoza magharibi ikazama mashariki. Hapana. Katika siku zote hizo 79 Mirihi ilichomoza mashariki na kuzama magharibi, sawa na Mwezi na nyota nyingine zote, kwa sababu mwendo huo unatokana na Dunia kujizungusha yenyewe. Huo ni mwendo wa haraka, nyuzi 15 kwa saa, na unabeba anga lote kwa pamoja kama watu waliopanda kivuko kimoja. Kurudi nyuma kunakozungumzwa hapa ni kama abiria mmoja anayetembea polepole ndani ya kivuko hicho: leo yuko karibu na ngazi, kesho amesogea hatua moja. Humwoni akisogea mpaka umpime na wenzake waliokaa. Wewe ulifanya hivyo bila kuambiwa na mtu, ukaipima Mirihi kwa Kastori na Poluksi usiku baada ya usiku, na ndiyo maana uliona jambo ambalo majirani zako wote walilikosa.

Sasa swali lako la msukumo. Hakuna aliyeisukuma, kwa sababu haikusimama wala haikugeuka. Tarehe 7 Desemba, tarehe 16 Januari, tarehe 24 Februari, usiku wowote utakaouchagua, Mirihi ilikuwa inalizunguka Jua kuelekea upande uleule kwa mwendo wa kilomita 22 hadi 23 kila sekunde. Sayari ikisimama kweli haitarudi nyuma, itaanza kuanguka kuelekea kwenye Jua. Kilichobadilika ni mahali uliposimama wewe. Geti lako la ghala lilikuwa linakimbia, pamoja na Tanga yote na bahari yake, kilomita 30 kila sekunde.

Nadhani umewahi kupanda basi kutoka Moshi kwenda Dar. Ukikaa dirisha la kushoto, baada ya Same milima ya Pare na baadaye ya Usambara inakuwa upande wako. Mbele yenu kuna lori la mizigo, linakwenda Dar kama ninyi, ila limeelemewa. Dereva anatoka kulia, analipita. Tazama lori likiwa sambamba na dirisha lako, lakini usiangalie lami, angalia mlima ulio nyuma yake. Kichwa cha lori kilikuwa mbele ya kilele fulani, sasa kiko chini ya kilele, sasa kimebaki nyuma yake. Ukiamini macho bila kufikiri, utasema lori linarudi Moshi. Dereva wa lori angekushangaa, maana mguu wake uko kwenye mafuta.

Dunia ni basi, Mirihi ni lori, na nyota za Mapacha ni milima. Dunia iko karibu zaidi na Jua, njia yake ni fupi na mwendo wake ni mkali: inamaliza mzunguko kwa siku 365. Mirihi iko nje ya njia yetu na inamaliza wake kwa siku 687. Kwa hiyo kila baada ya miezi 26 hivi tunaifikia kwa nyuma, tunaipita, na wakati wa kupita ndipo inapoonekana kuteleza kinyume. Nyota hazitelezi kwa sababu ziko mbali mno. Nuru ya Mirihi usiku wa Januari ilichukua dakika tano na ushei kukufikia, lakini nuru ya Poluksi huchukua miaka 34.

Hata upande wa kushoto unalingana. Usiku wa manane, ukiwa umetazama kaskazini, Dunia inakimbia katika anga kuelekea mashariki, yaani mkono wako wa kulia. Mirihi nayo inakwenda kulia, ila polepole kuliko wewe, kwa hiyo inabaki nyuma, kushoto kwako. Ndani ya basi ni vilevile: umetazama kushoto kwa gari, mbele ya basi iko mkono wako wa kulia, na lori linateleza kwenda mkono wako wa kushoto.

Tuone kama hesabu inakubaliana na ulichokiona. Chukua siku kumi, tano kabla na tano baada ya tarehe 16 Januari 2025, siku ambayo Dunia ilikuwa katikati ya Jua na Mirihi. Siku kumi zina sekunde 864,000. Dunia kwa kilomita 30 kila sekunde ikawa imekwenda karibu kilomita milioni 26. Mirihi kwa kilomita 22 na nusu ikaenda milioni 19 na nusu. Tuliiacha nyuma, basi, kwa kilomita milioni 6 na nusu. Wakati huo ilikuwa umbali wa kilomita milioni 96 kutoka kwetu, na kwa umbali huo kila uzi mmoja wa anga ni sawa na kilomita milioni 1.7 hivi. Gawanya: unapata nyuzi karibu 4 kwa siku kumi. Mwezi mpevu una upana wa nusu uzi, kwa hiyo Mirihi iliteleza kama Miezi minane iliyopangwa kwenye mstari, chini kidogo ya Mwezi mmoja kila usiku. Ukinyoosha mkono na kukunja ngumi, ngumi yako inaziba nyuzi 10 hivi za anga. Safari nzima ya kurudi nyuma, kuanzia Desemba mpaka Februari, ilikuwa nyuzi 19, karibu ngumi mbili. Nadhani hilo halitofautiani sana na picha uliyonayo kichwani.

Lakini mfano wa basi una kasoro, na wengi wanaoutumia hawaisemi. Barabara ya Same imenyooka. Kwenye barabara iliyonyooka, lori lililopitwa litaendelea kuteleza nyuma tu mpaka lipotee. Halitasimama wala halitaanza kwenda mbele tena. Mirihi ilisimama Februari, ikaendelea na safari ya mashariki. Kama kupitwa kungekuwa ndiyo sababu yote, ingekuwa inarudi nyuma milele, maana Dunia ina kasi kuliko Mirihi siku zote za mwaka.

Kinachomalizia maelezo ni kwamba njia zimepinda. Fikiria uwanja wa riadha, wewe ukikimbia mstari wa ndani na mwenzako mstari wa nje, polepole kuliko wewe. Mnapokuwa sambamba, mwendo wako wote unakata mbele yake, na anabaki nyuma. Ukifika kwenye kona, mwili wako umeshageuka: sasa hukimbii kumpita, unakimbia kama mtu anayemwacha mgongoni. Mwendo wako mkubwa unafuata mstari wa macho kati yenu, hautoshi tena kumteleza nyuma, na mwendo wake mdogo ndio unaoanza kuonekana. Mkiwa pande mbili za uwanja, yeye anakwenda huku na wewe unakwenda kule, na ukimtazama anaonekana akikimbia mbele kwa kasi kuliko kasi yake halisi.

Angani ni hivyohivyo. Kutoka tarehe 16 Januari hadi 24 Februari ni siku 39. Katika siku hizo Dunia ilizungushwa nyuzi karibu 40 kwenye njia yake, Mirihi haikufika 20. Kwa hiyo Dunia ilikuwa imepinda kona, na sehemu ya mwendo wake iliyobaki kukatiza mbele ya Mirihi ikawa imepungua mpaka ikalingana na ile ya Mirihi. Siku sehemu hizo mbili zinapolingana, mstari wa macho kutoka kwetu hadi Mirihi unabaki sambamba na ulivyokuwa jana, na nyota za nyuma yake ni zilezile. Hapo ndipo ulipoiona "imetulia". Siku 40 kabla ya tarehe 16 Januari jambo hilohilo lilitokea kwa upande wa pili, ile Desemba. Katika miezi 26, Mirihi inarudi nyuma kwa miezi miwili na nusu hivi tu. Miezi mingine yote inakwenda mashariki.

Kuna dalili nyingine ambayo nadhani uliiona bila kuiweka maanani. Katikati ya Januari Mirihi iling'aa kuliko wakati wowote wa msimu huo, na ilikuwa juu tangu Jua kuzama mpaka kuchomoza. Hapo Tanga ilifika juu kabisa upande wa kaskazini kama saa sita na nusu usiku. Februari inakwisha, ilikuwa inafika juu saa tatu usiku na imefifia. Sayari ya nje inapokuwa katikati ya safari yake ya kurudi, inakuwa mkabala na Jua na karibu nasi kuliko wakati mwingine. Haitokei vinginevyo hata mara moja.

Jambo hilo ndilo lililowasumbua wakubwa wa zamani. Ptolemai wa Aleksandria, katika karne ya 2, aliiweka Dunia katikati, akaeleza kurudi nyuma kwa kuipa kila sayari duara dogo linalobebwa na duara kubwa. Siku hizi watu humcheka, nami sipendi wanavyomcheka, kwa sababu hesabu zake zilitabiri nafasi za sayari vizuri kiasi cha kutumiwa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Lakini kwake, kila sayari ya nje ililazimika kulizungusha duara lake dogo kwa kulifuata Jua barabara, na hakuna kitu katika mpango wake kilichosema kwa nini Mirihi, Mshtarii na Zohali zote zilifuate Jua namna hiyo. Ilikuwa sharti, ikakubaliwa. Koperniki, mwanafalaki wa Poland, alipolichapisha wazo lake mwaka 1543, la Jua katikati na Dunia ikizunguka, swali lilijibika lenyewe: yale maduara madogo yote ya sayari za nje yalikuwa njia ya Dunia yetu, tuliyoibandika juu ya sayari nyingine bila kujua. Bila shaka zote zilifuate Jua, maana mpita njia ni mmoja, sisi.

Waarabu waliziita sayari tano zinazoonekana kwa macho *mutahayyira*, zilizoduwaa, zisizojua ziende wapi. Mzizi wa neno hilo ndio uliotupa sisi *kutahayari*. Napenda sana jina hilo, ingawa kwa tulivyoona, aliyeduwaa alikuwa mtazamaji.

Kitabu cha mwanao hakikukosea, kimechorwa kwingine. Michoro mingi ya shule inatoka nchi za kaskazini, Ulaya na Marekani, ambako sayari hupita upande wa kusini. Mtu wa huko akiitazama Mirihi anageukia kusini, na mashariki inakuwa mkono wake wa kushoto. Wewe Tanga, nyuzi tano kusini ya ikweta, ulilazimika kugeukia kaskazini kuitazama Mirihi ikiwa Mapacha, na mashariki ikawa mkono wako wa kulia. Sayari ilikwenda magharibi kwa wote wawili. Yeye aliiona ikienda kulia, wewe kushoto. Mwambie mwanao ageuze ukurasa juu chini, picha itakuwa ya kwenu. Na asishangae kama njia kwenye kitabu imechorwa kama kitanzi na nyingine kama herufi Z. Njia ya Mirihi imeinama karibu nyuzi 2 ukilinganisha na yetu, kwa hiyo tunapoipita inapanda au kushuka kidogo pia. Oktoba ilimpita Poluksi kwa umbali wa nyuzi 6 hivi, Januari chini ya nyuzi 3, Machi nyuzi 4. Umbo linategemea ni sehemu gani ya mwinamo huo tumeipitia.

Nije kwa mwenzako na mambo yanayoharibika. Siku hizi maneno hayo husemwa zaidi kuhusu Zebaki kuliko Mirihi: usisaini mkataba, usinunue simu, usifunge safari, Zebaki imerudi nyuma. Zebaki inazunguka ndani ya njia yetu, kwa hiyo mambo yanageuka: yenyewe ndiyo basi, sisi ndio lori. Inatupita kwa ndani mara tatu au nne kwa mwaka, na kila mara huonekana kurudi nyuma kwa wiki tatu hivi. Mwaka 2025 ilikuwa Machi hadi Aprili, Julai hadi Agosti, na Novemba. Jumlisha, unapata zaidi ya wiki tisa, karibu sehemu moja ya tano ya mwaka. Chukua hasara zako zote za mwaka, ugomvi, simu iliyoanguka, mshahara uliochelewa, ukazitupe ovyo kwenye kalenda: moja katika kila tano itaangukia humo, na hiyo ndiyo utakayoikumbuka ikiwa mtu alishakuonya. Tena Zebaki inapotupita huwa iko upande wa Jua, imezama kwenye mwanga wake, kwa hiyo hao wanaoiogopa wengi hawajawahi kuiona ikirudi.

Zuhura nayo hutupita kwa ndani, kila baada ya miezi 19, na yake uliishuhudia kama ulikuwa zamu. Februari 2025 ilikuwa inawaka magharibi jioni kama taa ya gari. Machi ikapotea. Aprili ikawa mashariki alfajiri. Katikati ya hapo ilipita kati yetu na Jua ikiwa inarudi nyuma, kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi katikati ya Aprili. Nyota ya jioni ikageuka nyota ya alfajiri kwa kuteleza kuleule ulikokuona kwa Mirihi.

Sitakutaka ugombane na mwenzako. Mtu akiniuliza kama mwendo huu una nguvu yoyote juu ya mtu, ninachoweza kumwonyesha ni kwamba hakuna mwendo wenyewe: mtazamaji aliyesimama kwenye Jua asingeiona Mirihi ikirudi nyuma hata siku moja. Lakini akitokea mtu akakudai fedha ya kafara au dawa kwa sababu sayari imerudi nyuma, usitoe mpaka umeongea na watu wawili watatu unaowaamini ana kwa ana, shehe au padri wako mmojawapo. Na kama una tatizo la kweli la kazi au la nyumbani, lipeleke kwa anayehusika nalo wiki hii. Kungoja Mirihi iende mbele kungekugharimu siku 79.

Jambo moja hukulitaja, ila wakesha usiku wengi huniletea. Wakikazia macho nyota moja angavu gizani kwa dakika kadhaa, wanaiona ikitangatanga, inakwenda kidogo kulia, kidogo juu. Hiyo haina uhusiano na sayari kurudi nyuma. Kusogea kwa Mirihi hakuonekani kwa dakika, wala kwa saa. Ni jicho kukosa kitu cha kushika jirani na nuru hiyo. Itazame nyota ikiwa jirani na ukingo wa paa au nguzo, utaona imetulia. Ikiwa bado inaruka hata hivyo, au unaiona mbili ukiwa umefumba jicho moja, au unaona mimweko pembeni hata ukifumba macho yote, hilo ni la kliniki ya macho, na mimweko inayoanza ghafla usiilaze mpaka kesho.

Kama unataka kuikamata tena Mirihi, safari hii tangu mwanzo, itaonekana kusimama tarehe 10 Januari 2027 na kurudi nyuma hadi 1 Aprili 2027. Itakuwa kundinyota la Simba, na tarehe 19 Februari, itakapokuwa mkabala na Jua, itakuwa jirani na nyota angavu inayoitwa Moyo wa Simba, juu sana upande wa kaskazini kwa mtu wa Tanga. Haitang'aa kama mara iliyopita, kwa kuwa tutaipita kwa umbali mkubwa kidogo, karibu kilomita milioni 101. Mshtarii nayo itakuwa jirani, magharibi yake, ikirudi nyuma vilevile kuanzia katikati ya Desemba 2026 hadi katikati ya Aprili. Utakuwa na malori mawili dirishani kwa wakati mmoja: la karibu litateleza nyuzi karibu 20, la mbali nyuzi 10 tu, ingawa litachukua muda mrefu zaidi, miezi minne.

Anza mwanzoni mwa Desemba 2026, kabla hazijasimama zote mbili. Chora nyota tano au sita za Simba kwenye karatasi moja, kubwa, na usibadilishe karatasi. Mara moja kwa wiki weka nukta ya Mirihi na nukta ya Mshtarii, andika tarehe kando, na pima kwa ngumi na vidole, siyo kwa kukisia. Chagua saa ambayo Simba iko mashariki ya juu au kaskazini, maana ikiwa inachomoza au kuzama umbo lake hulala upande na utachanganya kushoto na kulia. Wiki za Mwezi mpevu utaona nyota chache. Weka nukta hata hivyo, ila ziandikie alama ya shaka. Usiunganishe nukta mpaka mwisho wa Aprili, kwa sababu mkono ukishaanza mstari hupenda kuunyoosha. Ukimaliza, mpe mwanao mchoro huo aupeleke kwa mwalimu wake wa jiografia au fizikia, pamoja na kile kitabu.